Salio: maana ya safu ya mwisho katika rejista ya DDA

Ukiingia kemisti na karatasi ya daktari iliyoandikwa mofini, utaona mfamasia akiacha kila kitu. Anaisoma karatasi mara mbili, anauliza jina la mgonjwa na mahali anapoishi, anaomba kitambulisho cha aliyekuja kuchukua, kisha anaingia chumba cha nyuma. Wengi hudhani wameshukiwa. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, sisi si wezi, ni mzee ana saratani." Nilimjibu kwamba najua, na kwamba maswali yote yale ni ya kujaza mstari mmoja tu wa kitabu.

Kitabu chenyewe ni rejista ya DDA. Herufi hizo zimebaki kutoka sheria ya kikoloni ya dawa za hatari, Dangerous Drugs Act. Sheria hiyo ilifutwa na ile ya mihadarati ya mwaka 1994, lakini hakuna mfamasia wa Nairobi aliyeacha kusema "kabati la DDA". Humo ndani hukaa mofini, pethidini, fentanili na wenzao. Rejista imeshonwa na kurasa zake zina namba, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Kinachoingia huandikwa pamoja na jina la msambazaji na namba ya ankara. Kinachotoka huandikwa pamoja na jina la mgonjwa, daktari aliyeagiza, idadi na sahihi. Safu ya mwisho kulia ndiyo salio: idadi ya dawa inayopaswa kuwa kabatini sekunde hiyo hiyo kalamu inapoinuliwa.

Salio si hesabu ya mwisho wa mwezi, kama ile ya panadol. Hufanywa upya kila dawa inapoingia au kutoka, kisha hulinganishwa na vidonge vyenyewe. Ndiyo maana kabati ni la chuma, limefungwa kwa bolti ukutani, na ufunguo hukaa kwa mfamasia wa zamu, si kwenye droo ya kaunta. Ufunguo ukipita mikononi mwa watu watano, salio likikosea utamuuliza nani?

Nichukue mfano wa kemisti moja ya upande wa Ngong Road. Jumatatu asubuhi, ukurasa wa mofini ya kawaida ya miligramu 10 unaonyesha salio la 240. Kijana analeta karatasi ya baba yake: kidonge 1 kila baada ya saa 4, siku 14. Hivyo ni vidonge 6 kwa siku, jumla 84, na daktari ameandika "themanini na nne" kwa maneno kando ya tarakimu, maana 84 peke yake mtu anaweza kuigeuza kuwa 184 kwa mkwaju mmoja wa kalamu. Mfamasia anaandika 84, salio 156. Dawa ziko kwenye stripu za kumi kumi. Kijana anakabidhiwa, anaondoka.

Jioni kabla ya kufunga, wawili wanahesabu kabati. Rejista inasema 156. Kabatini mna 166.

Mtu asiyeijua kazi hii angeshusha pumzi: afadhali zimezidi kuliko kupungua. Kwa mfamasia hiyo si nafuu hata kidogo, kwa sababu vidonge havizai. Kumi zimezidi kabatini kwa sababu kuna mahali zimepungua, na stripu zikiwa za kumi, jibu karibu linajitaja lenyewe. Asubuhi zilitoka stripu 7 na vidonge 4 badala ya stripu 8 na vidonge 4. Mzee ana vidonge 74, ambavyo vitamtosha siku 12 na dozi 2. Siku ya 13 asubuhi maumivu yatarudi, na familia itaonekana imemaliza dawa mapema. Daktari naye anaweza kuanza kuwaza kwamba kijana anaziuza.

Hapo kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kufuta 84 na kuandika 74, ili salio lilingane na kabati. Cha pili, ambacho nimekiona kwa macho yangu, ni kuziweka zile kumi pembeni kwenye bahasha, zije kuziba siku zitakapopungua. Bahasha hiyo ni hatari kuliko kosa lenyewe. Imekuwa akiba isiyo na jina, na yeyote mwenye nia mbaya anaweza kuichota bila rejista kusema neno.

Kinachofanywa ni hiki. Anapigiwa simu kijana, anarudi na pakiti, zinahesabiwa mbele yake: 74. Anapewa kumi zilizobaki. Mstari wa asubuhi hauguswi wala haupakwi wino mweupe. Chini ya ukurasa yanaandikwa maelezo mafupi yenye tarehe na sahihi za watu wawili: kati ya vidonge 84 vya mstari ule, 10 vimekabidhiwa jioni. Kabati sasa lina 156, na rejista inasema hivyo hivyo.

Kila dawa, kila umbo na kila nguvu ina ukurasa wake, na hilo si urasimu. Kuna mofini ya miligramu 10 inayofanya kazi saa 4, na kuna nyingine ya miligramu 10 hizo hizo inayoachia dawa polepole kwa saa 12. Zingewekwa ukurasa mmoja, ungeweza kutoa moja badala ya nyingine na jumla ikabaki safi kabisa. Zikitenganishwa, ukurasa mmoja utapungukiwa na 20 na mwingine utazidi kwa 20 usiku ule ule, nawe utajua kwamba hakuna aliyeiba ila kuna mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake. Simu hiyo haingoji asubuhi.

Mofini ya maji ina tabia yake. Kila ukipima, matone machache hubaki kwenye kipimio, kwa hiyo chupa huisha mililita kadhaa kabla ya kitabu. Upungufu wa aina hiyo huwa mdogo, na huongezeka taratibu kadiri unavyopima mara nyingi. Huandikwa kama ulivyo, na shahidi hutia sahihi. Kinachonitia wasiwasi ni upungufu unaokuja kwa mkupuo, au unaotokea zamu za mtu yule yule, au chupa isiyopishana na kitabu hata tone baada ya kupimwa mara kumi. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Salio huhesabu wingi, halionji. Mtu akichota mililita 50 na kujazia maji, kitabu na chupa vitalingana barabara. Huwezi kuligundua hilo kabatini. Utaligundua kwa mgonjwa aliyekuwa akilala vizuri na sasa analia usiku kwa dozi ile ile, au kwa kizibo ambacho muhuri wake umeguswa. Kwa hiyo chupa zilizofungwa hukaguliwa mihuri, na iliyofunguliwa huandikwa tarehe ya kufunguliwa.

Dawa iliyopitwa na muda nayo haitoki kwenye salio kwa sababu tu haitumiki tena. Hutengwa na kuwekewa alama, lakini hubaki ndani ya kabati lile lile mpaka iharibiwe mbele ya afisa mwenye mamlaka na kuandikwa hivyo. Katika kemisti ile ya mfano wetu kuna ampuli 6 za pethidini zilizopitwa na muda, zimefungwa kwa mpira mwekundu kwenye kona ya chini. Hakuna atakayezidunga, na kila jioni zinahesabiwa: moja, mbili, mpaka sita.