Linganisha cheksamu kabla ya kubofya faili mara mbili

Mwezi Mei 2017, watu waliokwenda kwenye tovuti rasmi ya HandBrake, programu ya kubadilisha miundo ya video, walibofya kitufe kilekile cha siku zote na kupakua toleo la Mac. Faili liliitwa `HandBrake-1.0.7.dmg`, jina sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye seva. Mradi ulikuwa na seva mbili za kupakulia, na moja ilikuwa imevamiwa, faili halisi likaondolewa na jingine kuwekwa mahali pake. Hali hiyo ilidumu tangu tarehe 2 hadi tarehe 6 Mei. Aliyepakua siku hizo alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuangukia seva mbovu. Programu ilipofunguliwa iliomba neno la siri la kompyuta kwa kisingizio cha kuongeza kodeki, na aliyelitoa alikuwa amekikaribisha kirusi kiitwacho Proton. Kampuni ya Panic, inayotengeneza programu za Mac, iliibiwa msimbo chanzo kwa njia hiyo, kupitia kompyuta ya mwanzilishi wake mmoja.

Nauanza mjadala wa cheksamu na kisa hiki kwa sababu waathirika hawakufanya lile kosa tunalowaonya watu kila siku. Hawakupakua kutoka tovuti ya wizi. Waliingia mlango wa mbele. Kilichobaki cha kuwaokoa ni kulikagua faili lenyewe.

Cheksamu ni namba inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Kanuni inayotumika zaidi leo ni SHA-256, na jibu lake daima ni herufi 64, mchanganyiko wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, liwe faili la kilobaiti moja au gigabaiti tano. Ukibadilisha biti moja tu ndani ya faili, jibu lote linavurugika. Halibadiliki kidogo pembeni. Na hadi leo hakuna aliyeweza kutengeneza faili la pili lenye SHA-256 ileile. Kwa hiyo watengenezaji wa programu huchapisha namba ya faili walilolitoa, nawe unakokotoa namba ya faili ulilolipokea, kisha unalinganisha.

Kwenye Mac unafungua Terminal, unaingia kwenye folda ya vipakuliwa, na kuandika hivi:

```
shasum -a 256 HandBrake-1.0.7.dmg
```

Faili la wavamizi lilitoa namba inayoanza na `013623e5`. Hiyo haikuwa namba ya faili halisi, na kompyuta ingeionyesha ndani ya sekunde chache, kabla programu haijafunguliwa hata mara moja.

Kwenye Linux amri ni `sha256sum` ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Windows ninatumia PowerShell, na hapa napenda kuiachia mashine kazi ya kulinganisha:

```
(Get-FileHash .\programu.exe).Hash -eq 'namba_iliyochapishwa'
```

Weka jina la faili lako na ubandike namba iliyochapishwa kati ya alama za nukuu. Jibu litakuwa `True` au `False`. Windows huonyesha herufi kubwa wakati tovuti nyingi huandika ndogo. Hilo halina madhara, na `-eq` haijali tofauti hiyo.

Nasisitiza mashine ilinganishe kwa sababu najua macho yetu yanavyofanya kazi. Mtu husoma herufi nne za mwanzo, nne za mwisho, na kuridhika. Herufi nane ni biti 32 tu, yaani michanganyiko kama bilioni 4.3. Kompyuta ya kawaida inaweza kuongeza takataka kwenye faili bovu na kujaribu tena na tena mpaka herufi hizo nane zifanane. Kulinganisha herufi zote 64 ndiko kunakomzuia mvamizi.

Swali linalofuata ndilo ninalolijali kuliko yote: namba ya kulinganishia umeitoa wapi? Katika kisa cha HandBrake, kilichovamiwa ni seva ya kupakulia peke yake. Tovuti kuu haikuguswa. Namba ingetoka sehemu moja na faili sehemu nyingine, na ndiyo maana ulinganisho ungekuwa na maana. Sasa tazama kilichowapata Linux Mint tarehe 20 Februari 2016. Hapo iliyovamiwa ni tovuti yenyewe, na kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekezwa kwenye faili lenye mlango wa nyuma. Mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kiungo kwenye ukurasa ana uwezo wa kubadilisha na namba iliyo chini yake. Faili la mwizi na namba ya mwizi vitapatana vizuri sana.

Kwa hiyo, namba iliyo kwenye ukurasa uleule na kiungo inakulinda dhidi ya upakuaji ulioharibika na dhidi ya seva ya nakala iliyochezewa, basi. Ukitaka zaidi ya hapo, itafute namba hiyo sehemu ya pili inayosimamiwa kivyake, kama hazina ya msimbo ya mradi au tangazo la toleo kwenye orodha yao ya barua pepe. Bora zaidi ni pale ambapo orodha ya namba imetiwa saini ya kidijitali, kwa kuwa mvamizi wa tovuti hana ufunguo wa kusaini.

Namba zisipolingana, usikimbilie kudhani umevamiwa, lakini usilifungue faili. Hesabu kwanza urefu wa namba iliyochapishwa. Ikiwa ni herufi 32, hiyo ni MD5. Ikiwa 40, ni SHA-1. Ikiwa 128, ni SHA-512. Huenda umekokotoa kwa kanuni tofauti na yao. Angalia pia kama namba ni ya toleo lako hasa, na ya mfumo wako. Ukiona namba inayoanza na `e3b0c442`, faili lako ni tupu, halina hata baiti moja. Hiyo ndiyo SHA-256 ya faili lolote tupu. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniletea kisakinishi kisichofunguka, namba hailingani. Tulipotazama ukubwa wake tukakuta kilobaiti 14. Ulikuwa ukurasa wa kuingilia Wi-Fi, umehifadhiwa kwa jina la `.exe`.

Yote hayo yakiwa sawa, futa faili na ulipakue upya, kisha kokotoa tena. Hapa kuna dalili moja ninayoiamini sana. Mtandao unaokatikakatika huharibu faili kila mara kwa namna yake, kwa hiyo upakuaji wa pili utatoa namba sahihi au namba nyingine tofauti. Lakini ukipata namba ileile isiyo sahihi mara mbili, faili lako ni zima, ila si lile lililotangazwa. Ama wametoa toleo jipya bila kusahihisha ukurasa, ama kuna mtu ameliweka lake pale. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo ukiwa kwako, kwa hiyo waandikie watengenezaji, uwape namba uliyoipata yote na saa uliyopakua, na usubiri wajibu kabla ya kusakinisha.