Namba "kuseviwa kwenye laini" maana yake nini hasa

Watu wengi wanadhani ukihamisha laini umehamisha na majina, kumbe simu ina sehemu tatu za kuseva namba na laini ni moja tu kati ya hizo. Kuna laini yenyewe, kuna memori ya simu, na kuna akaunti, yaani Gmail kwa wenye Android. Namba inakaa pale ulipoiseva, haijigawi yenyewe.

Nichukulie ya dada yangu. Simu ilidondoka kioo kikafa kabisa, akanunua nyingine akachomeka laini ileile. Alikuwa na majina zaidi ya 300, yakaonekana 70 hivi, tena mengine yamekatwa mkia, "Fundi Bomba Mba", maana laini inabeba jina fupi tu na kadi nyingi zinaishia kama majina 250. Hayo 70 tuliyavuta kwenye Contacts, tukaingia Organize, zamani ikiitwa Fix & manage, halafu sehemu ya SIM. Na laini ingekuwa imepotea akarinyu, namba yake ingerudi ila majina yasingerudi, kwa sababu yalikuwa ndani ya ile kadi ya zamani, mtandao hauna kopi yake.

Mengine sasa. Dukani walimfungulia Gmail mpya (hapa ndo wengi wanaumia jamani) na Gmail mpya haina kitu ndani, majina yapo kwenye ile ya zamani ambayo nayo alifunguliwa na fundi, hakumbuki hata inaitwaje achilia mbali pasiwedi. Tulichofanya, pale pa kuingia Google tukabonyeza Forgot email?, tukaweka namba yake ya simu, wanataka na jina lililoandikwa kwenye akaunti, la kwanza likakataa, tukajaribu la nyumbani likakubali, kodi ikaja kwa meseji kwenye laini. Ingekuwa fundi aliweka namba yake mwenyewe hapo tungekwama. Pasiwedi tukabadilisha, tukaiongeza akaunti kwenye simu mpya, tukawasha kusinki kwa Contacts, baada ya dakika chache majina yakaanza kumiminika, zaidi ya 200.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kuhangaika na simu fungua contacts.google.com kwenye brauza, kama majina hayapo pale basi simu haiwezi kuyaleta. Kama uliyafuta kwa bahati mbaya angalia Trash, yanakaa siku 30 halafu yanaondoka moja kwa moja.

Yaliyobaki kama 30 hivi hayapo laini wala Gmail, yako kwenye memori ya ile simu iliyokufa kioo. Hayo dawa yake ni kubadilisha kioo, kuiwasha na kuyatoa kama faili la .vcf ulitume kwa bluutuu. Dada kasema bei ya kioo haimlipi, wanaomhitaji watampigia.