Kushuka ngazi za mchoro wa mtiririko wa data: mfano wa stoo ya duka

Mchoro wa mtiririko wa data huonyesha taarifa zinavyopita kwenye mfumo: duara ni kazi, mshale ni taarifa. Ngazi yake ya juu kabisa ni mchoro wa muktadha, na ule wa mfumo wa stoo ya duka la rejareja una duara moja tu, namba 0, yaani mfumo mzima. Pembeni wapo wahusika wa nje. Mteja anatoa ombi la bidhaa na malipo, anapewa risiti. Msambazaji anapokea oda na kuleta hati ya mzigo. Mwenye duka anaingiza bei na kupata ripoti. Hifadhi za data hazichorwi hapa, maana zimo ndani ya duara. Na mishale hubeba taarifa. Gunia la sukari lenyewe halimo.

Ngazi ya 1 inalifungua duara hilo: 1 Kuuza, 2 Kupokea mzigo, 3 Kuagiza, 4 Kupanga bei, 5 Kutoa ripoti. Hapa ndipo hifadhi zinapojitokeza: D1 Bidhaa, D2 Mauzo, D3 Oda.

Kazi yenyewe huanza ngazi ya 2. Tuchukue Kuuza: 1.1 Kukagua bei na salio, 1.2 Kuhakiki malipo, 1.3 Kuandika mauzo na kupunguza salio, 1.4 Kutoa risiti. Mteja akilipa kwa M-Pesa, 1.2 haiwezi kuhakiki chochote bila ujumbe wa uthibitisho. Ujumbe huo unatoka wapi? Kwenye ngazi ya 1 hakuna mshale wa namna hiyo unaoingia Kuuza, wala kwenye muktadha. Kanuni ni kwamba kila mshale unaoingia au kutoka kwenye duara la juu lazima uonekane kwenye mchoro wake wa chini, na kila unaoingia au kutoka kwenye mchoro wa chini uonekane juu.

Wengi huufuta mshale ili michoro ilingane. Mimi nasisitiza turudi juu: M-Pesa iwe mhusika wa nje, mshale wake uingie 0, kisha 1, kisha 1.2. Ukifutwa, mfumo utajengwa ukiamini ujumbe ambao mteja anauonyesha kwenye simu yake, na salio la bidhaa litapungua hata kama pesa haijaingia.

Baada ya hapo nakagua kila duara: je, linachopokea kinatosha kuzalisha linachotoa? Duara 1.3 linapokea “sukari, kilo 2”, lakini D1 inahesabu sukari kwa mifuko ya kilo 50. Bila D1 kutoa pia uzito wa mfuko, salio jipya halipatikani. Kosa hili halionekani kwenye ngazi ya 1, ambako mshale umeandikwa “salio” basi.

Duara 1.3 silivunji tena, kwa sababu kazi yake inaelezeka kwa sentensi chache: andika mauzo kwenye D2, soma salio na uzito wa mfuko kutoka D1, geuza salio kuwa kilo, toa kilo zilizouzwa, gawanya kwa uzito wa mfuko, andika salio jipya kwenye D1.