Herufi Iliyozibwa na Bega: Kusoma Picha ya Ubao wa Matokeo

Picha za matokeo ya kidato cha nne zinazoletwa ofisini kwetu hapa Tanga hufanana: jua la mchana limepiga kioo cha ubao, na bega la mtu aliyekuwa mbele limekata mistari miwili mitatu. Kazi yetu ni kuzigeuza kuwa jedwali la namba za watahiniwa na alama zao.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuteleza mstari. Picha ikipigwa kwa upande, mistari hupanda kidogo, na jicho likishavuka mng'ao linampa 0041 alama za 0042. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, hesabu mistari kushoto kwa mng'ao, kisha kulia kwake. Idadi zikitofautiana, usiendelee.

Namba iliyozibwa katikati ya 0041 na 0043 hukisiwa kwa urahisi, mradi nafasi iliyopo inatosha mstari mmoja tu. Alama haina mfuatano wa namna hiyo. Kipande cha herufi kinasaidia kiasi: ukiona wima wa kushoto peke yake, si A wala C, lakini B, D na F bado zote zinawezekana.

Hapo ndipo safu ya pointi inapookoa. Katika kidato cha nne A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na hujumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Tuseme 0042 ana masomo saba, pointi 20, daraja la pili, na Kiingereza kimezibwa. Yanayoonekana ni C, C, B, B, D, D: 3+3+2+2+4+4, yaani 18. Zimebaki 2, basi ni B. Daraja nalo linakubali, kwa kuwa la pili ni pointi 18 hadi 21.

Mwenye masomo manane ni mtihani mwingine. Tuseme 0047 ana saba zinazoonekana, C, C, B, B, D, D, C, jumla 21, na ya nane imezibwa. Safu ya pointi ikisema 20, D moja imeachwa na nafasi yake imechukuliwa na C. Jibu ni moja. Ikisema 21, iliyozibwa haikupunguza kitu: inaweza kuwa D, inaweza kuwa F, na hakuna hesabu itakayozitenganisha. (Wapo wanaoandika D kwa huruma. Huruma haina safu kwenye jedwali.)

Sisi huweka safu ya pembeni yenye maneno matatu: imeonekana, imehesabiwa, haijulikani. Kiingereza cha 0042 kinaandikwa B, imehesabiwa. Somo la 0047 linabaki D/F, haijulikani, mpaka mtu arudi ubaoni apige picha ya pili akiwa amesogea hatua mbili pembeni, ili mng'ao uhamie mstari mwingine.