Pengo kati ya mistari miwili: modeli inapoanza kukariri majani ya maharagwe

Wanafunzi wanaoniletea grafu zao hapa Kampala huwa na mistari miwili ya hasara, yaani kipimo cha jinsi modeli inavyokosea: mmoja wa mafunzo, mwingine wa uhakiki. Karibu wote huanza na swali lilelile: "Mwalimu, hili pengo si kubwa mno?" Upana wa pengo peke yake haunambii mengi. Ninachotaka kujua kwanza ni mstari upi unaosogea, na unaelekea wapi.

Tutumie data ya nyumbani. Mwaka 2020 maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitoa seti ya picha za majani ya maharagwe zilizopigwa mashambani hapa Uganda. Makundi ni matatu: majani mazima, yenye kutu, na yenye madoa pembe. Picha za mafunzo ni 1,034, za uhakiki 133, za jaribio la mwisho 128. Ni seti ndogo, na ndiyo maana inafaa kwa somo hili: modeli kubwa ya picha inaweza kuikariri yote bila kutoa jasho.

Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya maelezo, ila umbo lake ndilo utakaloliona ukifundisha modeli kubwa kwa data kidogo. `epoch` ni mzunguko mmoja wa kupitia picha zote za mafunzo, `loss` ni hasara kwenye picha hizo, `val_loss` ni hasara kwenye picha za uhakiki, ambazo modeli haifundishwi nazo.

```
epoch   loss    val_loss   val_accuracy
1       0.94    0.81       0.654
5       0.42    0.46       0.812
10      0.21    0.38       0.865
15      0.09    0.41       0.872
25      0.02    0.58       0.865
40      0.004   0.79       0.872
```

Kabla ya kutazama pengo, pima kimo. Modeli inayobahatisha tu, ikiyapa makundi yote matatu uwezekano sawa, huwa na hasara ya ln 3, yaani takriban 1.10. Mstari wa mafunzo ukikwama karibu na hapo, modeli haijajifunza kitu. Pengo litakuwa finyu sana, na halitakuwa na maana yoyote. Katafute kosa kwenye lebo au kwenye kasi ya kujifunza.

Hapa tumeanza vizuri, ingawa mzunguko wa kwanza huwashangaza wengi: uhakiki una hasara ndogo kuliko mafunzo. Hakuna muujiza. Hasara ya mafunzo ni wastani uliokusanywa wakati mzunguko ukiendelea, kwa hiyo mafungu ya mwanzo ya picha yalipimwa modeli ikiwa bado mbichi. Uhakiki hupimwa mzunguko ukishakwisha. Zaidi ya hapo, kama unatumia dropauti, yaani kuzima baadhi ya nyuroni kwa nasibu wakati wa mafunzo, au unazigeuza na kuzikata picha wakati wa mafunzo, mtihani wa mafunzo ni mgumu kuliko ule wa uhakiki. Ukitaka kulinganisha kwa haki, maliza mzunguko kisha uzipime picha za mafunzo upya, bila kuzigeuza, kwa `model.evaluate` ya Keras, maktaba ya Python ya kufundishia modeli.

Kati ya mzunguko wa 5 na wa 10 pengo linatoka 0.04 hadi 0.17. Limepanuka mara nne, lakini mistari yote miwili bado inashuka. Huko si kuharibika, modeli bado inajifunza mambo yanayofaa hata kwa majani ambayo haijayaona. Anayesimamisha kazi hapo kwa kuogopa pengo anajinyima faida. Mambo hubadilika baada ya mzunguko wa 10: mafunzo yanaendelea kushuka, uhakiki unageuka na kupanda. Mgeuko huo ndio dalili ya kukariri. Pengo huja kuwa pana baadaye, kama matokeo yake.

Sasa tazama safu ya mwisho. Hasara ya uhakiki imepanda mara mbili, kutoka 0.38 hadi 0.79, lakini usahihi haujashuka. Kwenye mzunguko wa 10 modeli ilipatia picha 115 kati ya 133, kwenye wa 40 imepatia 116. (Tofauti ya picha moja ni asilimia 0.75, usiipigie makofi wala kuililia.) Kwa nini hasara ipande na majibu ni yaleyale?

Kwa sababu hasara hii haihesabu makosa tu, hupima pia modeli ilivyojiamini. Kila picha huchangia −ln ya uwezekano ambao modeli imelipa kundi sahihi. Jani la kutu lililopewa uwezekano wa 0.30 wa kuwa na kutu linachangia 1.2, likipewa 0.01 linachangia 4.6. Yote mawili ni kosa moja tu kwenye usahihi. Fanya hesabu ya mzunguko wa 40: 0.79 mara 133 ni karibu 105. Tuseme picha 116 zilizopatiwa zinachangia karibu sifuri, basi 105 zote zimebebwa na picha 17 zilizokosewa, takriban 6.2 kila moja. Maana yake modeli imelipa jibu sahihi la kila picha iliyokosewa uwezekano wa kama 2 kati ya 1,000. Inakosea palepale ilipokuwa ikikosea, ila sasa inakosea huku inaapa.

Je, kupanda huko kuna madhara kweli? Inategemea kazi. Ukihitaji lebo tu, mzunguko wa 40 si mbaya kuliko wa 10. Lakini kama simu itamwonyesha mkulima wa Masaka "kutu, asilimia 99", au kama unapanga picha zenye mashaka zipelekwe kwa mtaalamu, modeli hiyo haifai, kwa sababu imeacha kuwa na mashaka. Mimi huchukua ya mzunguko wa 10, kwa kuiambia Keras isimamishe mafunzo `val_loss` isipopungua kwa mizunguko mitano:

```python
EarlyStopping(monitor="val_loss", patience=5,
              restore_best_weights=True)
```

Hilo `restore_best_weights` usilisahau. Keras isipoambiwa hivyo, ikisimama itakuachia uzani wa mzunguko wa mwisho, ulioanza tayari kuharibika.

Pengo finyu nalo linaweza kudanganya. Tuseme umekusanya picha zako mwenyewe Mbale, ukapiga kila mmea mara tano, kisha ukazichanganya na kuzigawa ovyo. Jani lilelile litakuwa mafunzoni na kwenye uhakiki. Modeli ikikariri udongo, mwanga na kivuli cha mkono wako, uhakiki utaisifu, na mistari itashuka pamoja vizuri kabisa hadi siku utakapoipeleka Lira. Gawa kwa shamba, si kwa picha. Ukigawa upya hivyo na pengo likajitokeza ghafla, ujue lilikuwepo tangu awali.

Kuna grafu ya pili ambayo watu huisahau, nayo ndiyo inayojibu kama inafaa kutafuta nauli ya kurudi shambani. Mhimili wa chini unakuwa idadi ya picha. Fundisha kwa picha 250, kisha 500, kisha zote 1,034, kila mara ukichukua `val_loss` ya chini kabisa na hasara ya mafunzo ya mzunguko huohuo. Kwa kawaida mstari wa mafunzo hupanda kadiri picha zinavyoongezeka, maana kukariri kunakuwa kugumu, na wa uhakiki hushuka. Ukikuta uhakiki bado unateremka kutoka 500 hadi 1,034 na pengo bado lipo, picha zaidi zitasaidia. Lakini kama mistari imeshakutana juu, tuseme kwenye 0.6, picha nyingine 1,000 za namna ileile hazitabadilisha kitu. Hapo ijaribu modeli yenye uwezo zaidi, au kaa na mtaalamu wa mimea mpitie lebo upya, hasa za majani machanga ambayo madoa yake hayajajitokeza sawasawa.