Je, wajua? Namba sita ambazo hazisafiri

Simu yangu haina bando wala laini, lakini bado inanipa namba ya kuingilia kwenye ukurasa wa msimamizi. Inaipokea kutoka wapi?

Haipokei popote. Simu inaikokotoa yenyewe, seva nayo inakokotoa ya kwake, kisha mbili hizo zinalinganishwa.

Mimi niliamini kinyume kwa muda mrefu. Nilipoongeza hatua hii kwenye mfumo wa duka uliokuwa na jina na nywila tu, kila namba ilikataliwa. Nikanunua bando. Nikasogea dirishani kutafuta mtandao. Nikailaumu kampuni ya simu, maskini, haikuhusika hata kidogo. Kumbe saa ya seva ilikuwa nyuma kwa dakika mbili. `date -u` ingenionyesha mapema.

Chukulia mapacha wawili, mmoja Tanga, mwingine Kigoma, wenye daftari lilelile, na kila ukurasa una namba ya tarakimu sita. Wamekubaliana kufungua ukurasa mpya kila sekunde 30. Hawana haja ya kupigiana simu, mradi saa zao zinakubaliana. Daftari ni ile siri iliyofichwa ndani ya picha ya QR uliyoipiga siku ya kwanza. Ukurasa unapatikana kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa saa za UTC, na kugawa kwa 30. Sekunde ya 1,700,000,000 inaangukia ukurasa wa 56,666,666, na zimebaki sekunde 10 kabla haujafunuliwa mwingine.

Mfano huu unapotosha mahali pamoja: kurasa hazijaandikwa kabla. Kila moja hupikwa papo hapo kwa kanuni ya hesabu iitwayo HMAC-SHA1, kutokana na siri na namba ya ukurasa, ndiyo maana aliyeona namba ya leo hawezi kukisia ya kesho.

Kabla ya kugusa mlango wa msimamizi, pima hesabu yako kwa mfano uliomo kwenye RFC 6238, waraka wa 2011 unaoeleza njia hii:

```
siri:    12345678901234567890
sekunde: 59
namba:   287082
```

Huo ni ukurasa wa 1. (Waraka wenyewe unatoa tarakimu nane, 94287082; sita za mwisho ndizo zako.) Ukipata nyingine, usiendelee.

Kwenye mlango wenyewe, nywila sahihi isimwingize mtu moja kwa moja. Abaki barazani hadi namba ikubalike. Kubali pia ukurasa uliotangulia, maana saa huteleza kidogo, lakini kumbuka wa mwisho uliotumika ili namba moja isiingize watu wawili. Weka kikomo cha majaribio. Na siri hiyo usiisage kama nywila: seva lazima iweze kuisoma tena, basi ifunge kwa ufunguo uliohifadhiwa nje ya hifadhidata.

Tovuti bandia bado inaweza kukuomba namba na kuitumia kwenye tovuti yako halisi kabla sekunde 30 hazijaisha. Daftari halijui ni nani anayelisoma.