Machaguo ya majibu kwenye dodoso: kwa nini "Msingi, Sekondari, Chuo" haitoshi

Machaguo ya majibu ni ile orodha ambayo mhojiwa, au mkusanyaji data kwa niaba yake, anaweka alama. Ina masharti mawili tu: kila mtu apate mahali pake, na asipate mahali pawili. Kuyataja ni rahisi. Shida huanza pale dodoso moja linapowakuta watu waliosoma chini ya mitaala tofauti.

Chukua utafiti wa kaya kaunti ya Kwale, Pwani ya Kenya, wenye orodha hii: Hajasoma, Hajamaliza msingi, Amemaliza msingi, Sekondari, Chuo. Mzee aliyefanya mtihani wa CPE mwaka 1976 aliishia darasa la saba, na kwa wakati wake hapo ndipo shule ya msingi ilipokoma. Binti yake aliyetoka darasa la saba mwaka 1996 hakumaliza, kwa sababu mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliongeza darasa la nane na mtihani wa KCPE. Mjukuu yuko Gredi ya 8 ya mtaala uliochukua nafasi ya 8-4-4. Yeye alimaliza msingi Gredi ya 6, kwa hiyo nambari nane kwake ni katikati ya sekondari ya chini. Mkusanyaji data asiyeulizia zaidi atamweka mzee na binti yake pamoja, na mjukuu atamweka "Amemaliza msingi". Kosa hilo halionekani kwenye fomu, na mchambuzi hana njia ya kulirekebisha baadaye.

Dawa yake ni kumwacha mhojiwa aseme alichosoma, kisha kazi ya kupanga viwango ifanyike mezani. Uliza kwanza kama aliwahi kwenda shule. Halafu: "Ulifika darasa, gredi au kidato gani cha mwisho?" Kisha: "Ulimaliza mwaka huo wa masomo?" Mwisho, alitoka shule mwaka gani na alisoma nchi gani. Swali la nchi si la kupuuza ukiwa Lunga Lunga, ambako baadhi ya watu walisoma upande wa Tanzania, na darasa la saba la huko lilikuwa mwisho wa msingi hata miaka ya tisini. Ni maswali matano badala ya moja, lakini kila moja linajibika bila kufikiria sana. Mtu hukumbuka alikoishia kuliko jina la kiwango alilopewa na mtafiti.

Chaguo la "Chuo" ndilo baya kuliko yote hapo. Pwani, watu wengi wakisema walisoma chuoni wanamaanisha chuo cha Kurani. Bibi aliyehitimu kusoma msahafu na hakuwahi kuingia shule ataonekana kwenye jedwali kama msomi wa elimu ya juu. Kosa hilo utaligundua tu kama uliuliza pia darasa au kidato cha mwisho, kwa kutafuta waliotiwa alama "Chuo" bila kidato chochote. Usiiweke madrasa kama ngazi katikati ya shule na chuo kikuu, maana wengi walisoma vyote viwili kwa pamoja, asubuhi shule na alasiri madrasa. Ipe swali lake: aliwahi kusoma madrasa au chuo cha Kurani, na kwa miaka mingapi. Vyuo vingine viandikwe kwa jina kamili: chuo cha ufundi, chuo cha ualimu, chuo kikuu. Ngumbaru nayo ipate mstari wake, la sivyo aliyejifunza kusoma ukubwani ataingia "Hajasoma".

Kabila lina mtego wa aina nyingine, wa kuchanganya ngazi. Orodha yenye "Mijikenda" na "Mdigo" inampa Mdigo sehemu mbili za kukaa. Andika majina madogo (Mdigo, Mduruma, Mrabai na wenzao), kisha uyakusanye wakati wa uchambuzi. Kinyume chake hakiwezekani. Ruhusu majibu mawili kwa mtu ambaye baba ni Mkamba na mama ni Mdigo. Na orodha huchakaa: Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, hivyo orodha iliyonakiliwa kutoka dodoso la zamani itawatupa kwenye "Nyingine". Kabla ya hayo yote jiulize kama swali lenyewe lina kazi. Sensa za Tanzania hazijauliza kabila wala dini tangu ile ya 1967.

Kwenye dini, "Hana dini" na "Hakutaka kujibu" ni majibu mawili tofauti; yakiunganishwa, huwezi kuyatenganisha tena. Anayefuata dini ya jadi awekewe chaguo lake kwa jina. Akiachwa kwenye "Nyingine" mara nyingi atachagua Ukristo au Uislamu ili yaishe.

Jaribu dodoso kwa watu kama 20 wa rika na vijiji tofauti, na usome yote yaliyoandikwa kwenye "Nyingine, taja". Jibu likijirudia mara mbili au tatu, lipe mstari wake kabla ya kazi kuanza.